Unatafuta kazi kimyakimya na ofisini wameshahisi: pa kuangalia kwenye LinkedIn

Wengi wanaotafuta kazi nyingine wakiwa bado kazini huingia kwenye mipangilio ya LinkedIn, wakazima swichi moja, wakaamini mambo yamekwisha. Baada ya wiki mbili bosi anauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Vipi, unatuacha?" Hapo ndipo mtu anaanza kubonyeza kila kitufe anachokiona, na mara nyingi anaongeza kelele badala ya kuipunguza.

Kabla hujagusa chochote, jua kwamba habari zako hutoka kwa njia tatu tofauti. Ya kwanza ni matangazo: LinkedIn yenyewe inawapelekea watu habari kwamba umebadilisha jambo fulani. Ya pili ni kile anachokikuta mtu akifungua profaili yako kwa hiari yake. Ya tatu ni alama unazoacha kwa wengine, kama kulaiki, kutoa maoni, kufuata kampuni, kuungana na mtu au kutembelea profaili ya mtu. Swichi ambayo kila mtu huizima inahusu njia ya kwanza tu. Kwa hiyo anza na dalili: ofisini wamejua nini hasa, na wamekijua vipi? Jibu litakuambia ni njia ipi imevuja.

Dalili: watu wanakupongeza kwa kazi ambayo hujaipata

Tuchukue mhasibu aliyepandishwa cheo miaka miwili iliyopita. Profaili yake bado inasema "Mhasibu Msaidizi". Anapoamua kutafuta kazi anaona, kwa haki kabisa, kwamba maofisa uajiri hawatampata wakitafuta "Mhasibu Mwandamizi". Anaingia, anaongeza cheo kipya ndani ya kampuni ileile, anahifadhi. Kesho yake asubuhi ana pongezi kumi na kitu, mojawapo kutoka kwa mkuu wa idara yake, ambaye anajua fika kwamba hakuna aliyepandishwa cheo wiki hii.

Chanzo ni swichi iliyo ndani ya fomu yenyewe ya kuongeza kazi, imeandikwa `Notify network`. Ipo juu ya fomu, na mtu aliyejikita kwenye tarehe na maelezo ya kazi anaipita bila kuiona. Zaidi ya hiyo kuna mpangilio wa jumla: bonyeza picha yako, nenda `Settings & Privacy`, kisha `Visibility`, utafute mstari unaosema `Share job changes, education changes, and work anniversaries from profile`. Zima huo wa jumla, kisha kila unapofungua fomu ya kazi au elimu itazame tena ile swichi ya ndani kabla ya kuhifadhi. Usiamini kwamba kuzima mara moja kunatosha milele.

Kuna jambo dogo linalowadanganya wengi hapa. LinkedIn yenyewe inaeleza kwamba matangazo ya aina hii yanaweza kuchukua muda wa hadi saa 2 kuwafikia watu. Ukibadilisha profaili, ukasubiri dakika tano, ukamuuliza rafiki kama ameona kitu naye akasema hapana, hujapima chochote. Rudi kumuuliza baadaye siku hiyohiyo.

Na kama tangazo limeshatoka? Nenda kwenye sehemu ya shughuli zako, uone kama kuna chapisho lililozaliwa kutokana na mabadiliko hayo. Kama lipo, lifute. Arifa ambazo watu wameshazisoma hazirudi. Usifute kile cheo na kukiandika upya kwa matumaini ya kusafisha, maana ukisahau swichi utakuwa umetangaza mara ya pili. Cheo ni cha kweli, kiache kilivyo. Ukiulizwa, "nilikuwa sijaisasisha tangu nipandishwe" ni jibu kamili na ni ukweli mtupu.

Kwa maoni yangu, kazi nyingi za kuboresha profaili hazihitaji kuongeza nafasi mpya hata kidogo. Kupanua maelezo ya kazi uliyonayo, kuandika vizuri sehemu ya kujieleza na kupanga ujuzi wako hakuingii kwenye mambo yanayotajwa na swichi hiyo, ambayo inazungumzia mabadiliko ya kazi, ya elimu na kumbukumbu za miaka kazini. Anzia huko. Gusa nafasi za kazi mwishoni, ukiwa umetulia.

Dalili: idara ya rasilimali watu inajua kwamba uko tayari kuajiriwa

Hapa kuna sababu mbili, na ya kwanza ni rahisi kuijua. Ukitangaza kwamba uko wazi kwa kazi, LinkedIn inakuuliza nani aone. Ukichagua `All LinkedIn members`, picha yako inavikwa duara la kijani lenye maandishi #OpenToWork na kila mtu anaona, bosi akiwemo. Angalia picha yako: kama duara lipo, umeshapata jibu. Badilisha uchague `Recruiters only`.

Sababu ya pili ndiyo inayowakamata waangalifu. Wamechagua `Recruiters only`, hawana duara lolote, na bado habari zimefika. Chaguo hilo linawaonyesha wanaotumia huduma ya LinkedIn iliyotengenezwa kwa ajili ya maofisa uajiri, na LinkedIn inajitahidi kuwaficha wale walio katika kampuni yako ya sasa na kampuni zinazohusiana nayo. Lakini inasema wazi kwamba haiwezi kutoa uhakika wa siri kamili, na ukifikiria inavyofanya kazi utaelewa kwa nini.

Mfumo haujui unafanya kazi wapi. Unajua tu ulichoandika. Kama kwenye kazi yako ya sasa uliandika jina la kampuni kwa mkono bila kulichagua kwenye orodha inayojitokeza, basi profaili yako haijaunganishwa na ukurasa wa kampuni, na mfumo hauna namna ya kujua umfiche nani. Dalili inaonekana kwa macho: mahali pa nembo ya kampuni pana kisanduku cha kijivu kitupu. Bonyeza jina la kampuni kwenye profaili yako. Likikupeleka kwenye ukurasa wa kampuni yenu, wenye wafanyakazi wenzako unaowatambua, hapo uko salama kiasi. Lisipokupeleka kwenye ukurasa huo, muunganisho haupo.

Tatizo jingine ni majina yanayofanana. Kampuni nyingine zina kurasa mbili au tatu, mmoja wa zamani uliotelekezwa na mmoja unaotumika. Nyingine zina majina ya kawaida ambayo kampuni ya nchi nyingine pia inayatumia. Ukiwa umeunganishwa na ukurasa usio sahihi utakuwa umefichwa kwa watu ambao hawakujui wala hawana haja na wewe, huku ofisa wa kwenu akikuona vizuri. Linganisha ukurasa wako na ule uliopo kwenye profaili ya ofisa uajiri wa kampuni yenu. Inapaswa kuwa mmoja. Ukihitaji kurekebisha, kumbuka ile swichi ya `Notify network`, kwa sababu unaingia kwenye fomu ileile.

Usiweke tarehe ya mwisho kwenye kazi uliyonayo ukidhani inakufanya uonekane huru zaidi. Ukishaifunga, kwa mfumo hiyo si kampuni yako ya sasa tena, na sababu ya kukuficha kwa watu wake inaondoka.

Kisha kuna mianya ambayo hakuna mpangilio unaoiziba. Wakala wa nje anayeitafutia kampuni yenu wafanyakazi si mfanyakazi wa kampuni yenu, hivyo anakuona. Ofisa uajiri rafiki wa ofisa wa kwenu naye anakuona, na wanaongea. Kama uko kwenye fani ndogo ambayo watu wote wanafahamiana, mimi ningeacha kabisa kuwasha alama hiyo, nikatuma maombi moja kwa moja ninapotaka. Na unapotuma, kuwa makini na tangazo lisilotaja jina la mwajiri. Soma majukumu polepole, uangalie mji, ukubwa wa timu na mifumo inayotajwa. Yakifanana mno na kazi ya jirani yako wa meza, muulize wakala jina la mwajiri kabla hujatoa CV yako.

Dalili: hujabadilisha chochote, lakini wenzako wanahisi

Hii ndiyo dalili ngumu kuliko zote, kwa sababu mtu anapekua mipangilio yote na kuikuta sawa. Kosa haliko kwenye mipangilio. Liko kwenye alama unazoacha, na nyingi ya hizo hazina swichi.

Tuseme kuna mtu amezima matangazo yote, kisha akabadilisha ule mstari ulio chini ya jina lake kutoka "Mchambuzi wa Data" ukawa "Mchambuzi wa Data | Natafuta fursa mpya". Ni kweli hakuna arifa iliyotumwa. Lakini mstari huo hauishi kwenye profaili peke yake. Unaonekana chini ya jina lake kila mahali jina lilipo, yakiwemo maoni aliyoandika zamani. Miezi mitatu iliyopita alimpongeza mkurugenzi wake kwenye chapisho la kampuni. Leo mtu akifungua chapisho lile, chini ya pongezi anasoma: "Natafuta fursa mpya". Mstari huo ni wa kuandika unachofanya, si unachotamani. Maneno ambayo ofisa uajiri atayatafuta, yaani jina la fani, nyenzo unazozimudu na sekta yako, yanaingia hapo bila kumshtua mtu yeyote.

Kulaiki na kutoa maoni ni vilevile. Ukilaiki tangazo la kazi la kampuni shindani, watu uliounganishwa nao wanaweza kulikuta kwenye ukurasa wao likiwa na jina lako juu yake. Ukiandika "nimevutiwa" chini ya tangazo, maoni hayo yanakaa pia kwenye sehemu ya shughuli ya profaili yako. Hakuna mpangilio unaokuruhusu kulaiki kwa siri. Ukitaka kukumbuka tangazo, lihifadhi. Matangazo uliyohifadhi unayaona wewe peke yako. Ukitaka kuuliza jambo, mwandikie mhusika ujumbe.

Kampuni unazofuata zinaonekana kwenye sehemu ya mambo unayoyapenda, chini kabisa ya profaili. Mtu aliyeanza kufuata washindani watano wa mwajiri wake kwa mkupuo ameandika nia yake pale chini kwa yeyote atakayeshuka hadi huko. Unaweza kuzitembelea kurasa zao bila kuzifuata.

Halafu watu unaoungana nao. Kwenye `Visibility` kuna kipengele cha `Connections` kinachokuruhusu kuificha orodha ya watu wako, na nakushauri uifiche. Ila elewa mpaka wake: mtu aliyeunganishwa nawe bado anawaona wale mnaowajua kwa pamoja. Sasa fikiria ni nani ofisini kwenu mwenye uhusiano na mawakala wa ajira wengi kuliko wote. Ni mkuu wa rasilimali watu. Ukiunganika na mawakala wanne ndani ya wiki moja, na wote wanne tayari ni watu wake, majina yao yatamtokea kama watu mnaowafahamu wote wawili, hata kama orodha yako umeificha. Ongea na wakala kwa barua pepe au simu kwanza, kuunganika kunaweza kusubiri.

Jambo la mwisho katika kundi hili ni barua za kupendekezwa. Zinaonekana pande mbili, kwako na kwa aliyekuandikia, zikiwa na tarehe. Barua tatu mpya za mwezi mmoja zinasema kila kitu. Kama umeshaziomba na zimefika, huna lazima ya kuzionyesha kwenye profaili mara moja. Ziweke bila kuonyeshwa hadi mambo yatulie.

Dalili: mtu anakuuliza kwa nini ulikuwa unaangalia profaili yake

Umefungua profaili ya meneja wa kampuni unayoitamani, kumbe ni mke wa mwenzako wa ofisini. Au umefungua ya bosi wako kuangalia kama ameunganishwa na mtu aliyekufanyia usaili. Chanzo ni `Profile viewing options`, nayo iko palepale kwenye `Visibility`. Machaguo ni matatu: jina lako na mstari wako, sifa zako bila jina, au `Private mode`.

Lile la katikati, `Private profile characteristics`, linawapendeza watu kwa sababu linasikika kama suluhu ya kati. Kwa mtu anayetafuta kazi kimyakimya halifai. Linaweza kuonyesha cheo na sekta, au kwamba ni mtu kutoka kampuni fulani. Kama ofisi yenu ina mhandisi mmoja tu wa mitandao, "mhandisi wa mitandao" ni jina lako.

Chagua `Private mode`, ukijua gharama yake: kwenye akaunti ya bure, ukijificha, na wewe huwaoni waliotembelea profaili yako, na historia ya waliokutembelea inafutika. Ukitaka kujua ni waajiri gani wamekuangalia, soma orodha hiyo kwanza, andika majina pembeni, ndipo ubadilishe. Na usisahau kwamba hali hii inaficha kutembelea tu. Ukiwa humo ukalaiki, ukafuata au ukaomba kuunganishwa, jina lako linatoka kamili.

Wapo wanaofikia hatua ya kumblokia bosi. Usifanye hivyo. Yeye hapewi arifa, lakini muunganisho wenu unakatika, na mapendekezo mliyoandikiana yanaondoka. Siku atakayokutafuta asikupate, kutoweka kwako ndiko kutakakomwambia.

Dalili: habari zimetoka na hakuna aliyefungua LinkedIn

Nenda `Settings & Privacy`, kisha `Sign in & security`, uangalie `Email addresses`. Watu wengi walifungua akaunti kwa barua pepe ya kazini miaka iliyopita na wakasahau. Arifa za kazi mpya na ujumbe kutoka kwa mawakala vinaingia kwenye sanduku linalomilikiwa na mwajiri, na kichwa cha habari kinachojitokeza kwenye skrini ya kompyuta wakati wa kikao kinatosha kukuumbua. Ongeza barua pepe yako binafsi, ithibitishe, ifanye kuwa kuu, ndipo uondoe ya kazini. Fuata mpangilio huo bila kuruka. Ukiacha kazi huku akaunti ikiwa imefungwa kwenye barua pepe ambayo huwezi tena kuingia, unaweza kuipoteza akaunti nzima.

Palepale fungua `Where you're signed in`, utoke kwenye kompyuta na simu za ofisi. Kifaa cha mwajiri na mtandao wa mwajiri viko chini ya sheria zake, na hakuna mpangilio wa LinkedIn unaofika huko. Tafuta kazi kwa simu yako na bando lako.

Kujipima kabla ya kuendelea

Ukimaliza, fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, bila kuingia kwenye akaunti, ubandike kiungo cha profaili yako. Unachokiona ndicho anachokiona mtu wa mtaani, na unakipunguza kupitia `Edit your public profile`. Kisha mwombe mtu mmoja unayemwamini, aliyeunganishwa nawe na asiyefanya kazi kwenu, afanye mambo matatu: asome mstari chini ya jina lako kwenye maoni yako ya zamani, ashuke hadi chini ya profaili aone kampuni unazofuata, na abonyeze jina la mwajiri wako aone anapelekwa wapi. Mwache arudie baada ya siku moja, maana baadhi ya vitu huchelewa kutokea.

Ukikuta injini ya utafutaji bado inaonyesha maneno ya zamani ambayo umeshayafuta, kama ule mstari wa "Natafuta fursa mpya", usiendelee kubadilisha mipangilio. Kwenye profaili yameshaondoka. Injini inaonyesha nakala iliyoichukua kabla, na huenda ikachukua wiki kadhaa kabla haijarudi kuchukua mpya. Ikiwa hilo linakutia wasiwasi, isubirishe kwanza ile alama ya kuwa wazi kwa kazi, uje kuiwasha baada ya nakala hiyo kubadilika.